Kiasi Gani, kwa Kifungu Gani?

*Mhadhara kwa wamiliki wa nyumba za kupangisha, Mombasa*



Mada niliyopewa ni pana, nami nimeipunguza mpaka ikatosha kwenye karatasi moja: ilani ya ushuru inayomfikia mwenye nyumba ya kupangisha kutoka Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA kama tunavyoiita. Nimeichagua hii kwa sababu humu ukumbini wengi mna nyumba mbili tatu za kupangisha, na kwa sababu ndiyo ilani ambayo mtu huisoma mara tatu na bado asijue anadaiwa nini.

Lugha yake mnaijua. Inasema kwamba kwa mujibu wa sheria za ushuru husika umekadiriwa kiasi fulani, pamoja na adhabu na riba itakayoendelea kuongezeka hadi siku ya kulipa kikamilifu. Kwamba usipolipa, hatua za utekelezaji zitachukuliwa bila ilani nyingine. Na kwamba haya yote hayaathiri haki nyingine za Kamishna. Kila neno hapo lina kazi yake kisheria. Maneno ya mwisho, kwa mfano, yana maana tu kwamba Kamishna akidai hiki leo hajajifungia mlango wa kudai kingine kesho. Si tishio, ingawa yanasomeka kama tishio. Shida ya ilani hii iko kwingine. Baada ya aya nne za sheria unabaki na jumla moja ya pesa, na hujui imejengwa kwa matofali gani.

Niwape mfano. Nimeutunga mwenyewe, lakini viwango na tarehe zilizomo ni za sheria yenyewe.

Mama mmoja ana nyumba ya urithi Majengo, vyumba kadhaa, na kodi anayokusanya kwa mwezi ni shilingi 80,000. Kwa mwaka ni 960,000, kwa hivyo anaangukia ndani ya mpango wa ushuru wa mapato ya kodi ya nyumba za makazi, unaowahusu wakazi wa Kenya wanaopata kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Ushuru huu hutozwa kwenye kodi yote iliyoingia, bila kutoa gharama ya rangi wala ya fundi wa mabomba, na hulipwa kila mwezi, kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mama huyu alikuwa akiwasilisha ritani zake kwa wakati, ila za sifuri, akiamini kwamba kaka yake mkubwa ndiye anayelipia nyumba ya familia. Kaka hakuwa akilipia. Tarehe 20 Januari 2025 mama akapata ilani ya makadirio yaliyorekebishwa kwa miezi ya Julai 2023 hadi Juni 2024: shilingi 111,840, adhabu na riba zikiwemo, kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015.

Hapa watu hugawanyika. Kuna anayekimbilia benki kulipa ili alale. Kuna anayeitia ilani kwenye droo. Kuna anayekwenda ofisini, akapanga foleni, akamuuliza karani kwa mdomo, akajibiwa kwa mdomo, akarudi nyumbani bila chochote mkononi. Wote watatu wamepoteza kitu, na wa droo ndiye aliyepoteza zaidi, kwa sababu nitakayoieleza tukifika kwenye siku.

Tuanze na kile kifungu cha 31. Ukikifungua utaona kwamba ni kifungu cha mamlaka. Kinampa Kamishna uwezo wa kurekebisha makadirio uliyojifanyia mwenyewe kwenye ritani, kwa kawaida ndani ya miaka mitano tangu uwasilishe ritani hiyo, na bila kikomo hicho pale penye udanganyifu au uzembe wa makusudi. Kinaeleza nani anaweza kukadiria upya na lini. Hakisemi hata mahali pamoja kwamba kodi ya nyumba inatozwa ushuru, wala kwa asilimia ngapi. Hayo yamo kwenye sheria nyingine kabisa, Sheria ya Ushuru wa Mapato, kifungu cha 6A, na kiwango chake kimeandikwa kwenye jedwali la tatu la sheria hiyo.

Ningependa hili likae vichwani kuliko yote nitakayosema leo. Msingi wa kisheria wa dai la ushuru ni mambo mawili: kifungu kinachotoza na kifungu kinachoruhusu kukadiria. Ilani nyingi hutaja cha pili na kuacha cha kwanza, na msomaji akiona namba ya kifungu anadhani swali la sheria limekwisha jibiwa. Halijajibiwa. Katiba yetu, ibara ya 210, inasema hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria iliyotungwa. Sheria inayozungumziwa hapo ni ile inayotoza. Unapouliza msingi wa kisheria bila kusema ni upi, utaandikiwa tena kifungu cha 31, na aliyekujibu hatakuwa amekudanganya.

Kwa nini namba ya kifungu kinachotoza ina thamani kubwa hivyo kwa mtu asiye wakili? Kwa sababu kiwango na tarehe huja pamoja nayo. Ushuru wa kodi za nyumba ulianza Januari 2016 kwa asilimia 10. Sheria ya Fedha ya 2023 ikaushusha hadi asilimia 7.5 kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Halafu ikatokea ile misukosuko ya mahakamani mnayoikumbuka: Mahakama ya Rufani ikaitangaza Sheria yote ya Fedha ya 2023 kuwa batili tarehe 31 Julai 2024, na Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake kwa jumla tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Kwa miezi michache hiyo hata mawakili waliulizana ni kiwango kipi kinachosimama. Ndiyo maana sishauri mtu aulize tu kifungu. Aulize kifungu na kiwango kama kilivyokuwa kwa kila mwezi unaodaiwa.

Sasa tupige hesabu, taratibu, maana ndiyo inayoonyesha kosa lilipo. Tunajua jumla ni 111,840. Tunajua pia kwamba adhabu ya kuchelewa kulipa ni asilimia 5 ya ushuru wenyewe, mara moja, na kwamba riba ni asilimia 1 kwa mwezi, riba isiyozaa riba, ambayo sheria hairuhusu ipite ushuru uliodaiwa mwanzo. Ushuru wa Julai 2023 uliiva tarehe 20 Agosti 2023, kwa hiyo mpaka siku ya ilani una miezi 17 ya riba. Wa Agosti una miezi 16, na kuendelea kushuka hivyo hadi wa Juni 2024, wenye miezi 6. Ukijumlisha miezi yote ya riba kwa miezi yote kumi na miwili unapata 138.

Jaribu asilimia 10 kwa mwaka mzima. Ushuru ni 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa jumla. Adhabu ni 4,800. Riba ni shilingi 80 mara 138, yaani 11,040. Jumla 111,840, sawasawa na ilani, hadi shilingi ya mwisho. Basi aliyekadiria alitumia asilimia 10 hata kwa miezi sita ya 2024.

Jaribu tena kwa viwango vinavyostahili. Miezi sita ya 2023 inabaki 8,000 kila mmoja, 48,000. Miezi sita ya 2024 ni 6,000 kila mmoja, 36,000. Ushuru ni 84,000, adhabu 4,200, riba 6,960 kwa nusu ya kwanza na 3,060 kwa ya pili. Jumla 98,220. Tofauti ni shilingi 13,620, na imejificha mahali patatu: 12,000 kwenye ushuru, 600 kwenye adhabu, 1,020 kwenye riba. Mtu anayebishana kuhusu jumla peke yake hawezi kuiona.

Mtaniuliza: kama mama anaweza kupiga hesabu hii mezani kwake, kwa nini aulize? Kwanza, si kila ilani hufunguka kirahisi hivi. Mfano wangu una kodi isiyobadilika. Nyumba halisi ina chumba kilichokaa kitupu miezi miwili na mpangaji aliyehama na deni. Pili, na hili ni zito zaidi, hesabu yako wewe ni dhana tu mpaka upande wa pili uandike yake. Ukisha kuwa na yake kwa maandishi, mabishano yanakuwa juu ya mstari mmoja unaoonekana, badala ya neno lako dhidi ya mfumo wa kompyuta.

Isitoshe, kuuliza huku hakumaanishi kuomba hisani. Sheria ya Taratibu za Ushuru yenyewe inataka ilani ya makadirio ionyeshe kiasi cha ushuru, adhabu, riba, kipindi kinachohusika, tarehe ya kulipa na namna ya kuweka pingamizi, kila kimoja kwa nafasi yake. Ibara ya 47 ya Katiba inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imeongeza jino: ofisi ikikataa kutoa sababu ulizoomba, mahakama inayopitia uamuzi huo itauchukulia kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeweka siku 21 za kujibu ombi la habari.

Barua yenyewe iwe fupi. Nimeona barua za kurasa tano, zenye malalamiko ya hali ya uchumi, ugonjwa na ada za shule, na swali lenyewe limezama katikati ya ukurasa wa nne. Karani anayeisoma ana rundo mbele yake. Atalijibu lile analoliona. Mama wa mfano wetu angeandika hivi:

"Kwa Kamishna. Narejelea ilani ya makadirio yaliyorekebishwa ya tarehe 20 Januari 2025, kwa PIN yangu iliyotajwa hapo juu, ya jumla ya shilingi 111,840 kwa Julai 2023 hadi Juni 2024. Chini ya ibara ya 47 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba nipewe kwa maandishi: jedwali la kila mwezi linaloonyesha kodi iliyotumika, kiwango, ushuru, adhabu na riba, pamoja na tarehe ambayo riba ilianza na kuishia kuhesabiwa, kifungu cha sheria kinachotoza ushuru huo na kiwango chake kama kilivyokuwa kwa kila mwezi, na chanzo cha takwimu ya kodi iliyotumika. Kwa hesabu yangu miezi ya Januari hadi Juni 2024 imetozwa asilimia 10 badala ya 7.5. Naomba pia kujua ni miezi ipi kati ya hii inayoingia kwenye msamaha wa adhabu na riba unaoishia tarehe 30 Juni 2025. Barua hii si pingamizi, na haiondoi haki yangu ya kuweka pingamizi ndani ya muda."

Nina mambo machache ya kueleza kuhusu barua hiyo. Ombi la chanzo cha takwimu ya kodi ni la makusudi: Mamlaka huweza kuipata kwenye akaunti ya benki, kwa wakala wa nyumba au kwa mpangaji, na ukijua ilikotoka unajua cha kuikagulia. Pengine waliona 80,000 benki lakini 10,000 zilikuwa amana ya mpangaji mpya, au pesa za maji unazokusanya na kuzipeleka.

Msamaha uliotajwa, ambao sasa umekwisha, ni ule uliofunguliwa tarehe 27 Desemba 2024, wa adhabu na riba za vipindi hadi mwisho wa 2023, kwa sharti kwamba ushuru wenyewe uwe umelipwa kufikia 30 Juni 2025. Julai hadi Novemba 2023 havina utata, kwa kuwa ushuru wake ulikuwa umeiva kabla ya mwaka kwisha. Adhabu yake ni 2,000 na riba 6,000. Shilingi 8,000 zingeondoka, na deni lingeshuka hadi 90,220. Kodi ya Desemba 2023 ni ya kipindi cha 2023 lakini ushuru wake uliiva tarehe 20 Januari 2024, na swali la namna hiyo hulijibu kwa kukisia. Unaliandika na kungoja lijibiwe kwa kifungu. Ilani haikuutaja msamaha huu hata kwa herufi moja, wala haikulazimika.

Na lugha? Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Iandike kwa Kiswahili ukipenda. Namba za vifungu hazibadiliki.

Nije sasa kwenye siku, mahali ambapo haki nyingi hupotelea. Pingamizi huwekwa ndani ya siku 30 tangu ujulishwe uamuzi. Kwa ilani ya 20 Januari, ukihesabu kila siku ya kalenda, siku ya mwisho ni 19 Februari. Barua ya maswali haisimamishi saa hiyo. Nairudia kwa ajili ya walioko nyuma: unaweza kuwa na barua nzuri kuliko zote Mombasa, yenye muhuri wa kupokewa, na siku 30 zikaendelea kuhesabika kana kwamba hukuandika kitu. Ukiipeleka tarehe 23 Januari, siku 21 za kujibiwa zinaisha 13 Februari, na umebakiwa na siku sita. Ofisi ikitumia nafasi ya kuongeza siku 14 ambayo sheria inaitoa kwa maombi mazito, jibu linaweza kuja 27 Februari, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hivyo barua ipelekwe wiki ya kwanza, na pingamizi lifuate ndani ya muda, jibu liwe limekuja au halijaja. Muda ukipita bila pingamizi, Kamishna anaweza kuielekeza benki yako, au hata mpangaji wako, impe yeye zile pesa zilizokuwa zije kwako.

Pingamizi lenyewe halikubaliki kwa kusema tu "sikubaliani". Kifungu cha 51 kinataka useme kwa usahihi sababu zako, marekebisho unayotaka, uambatishe nyaraka, na uwe umelipa ile sehemu usiyoipinga au umeomba muda wa kuilipa. Hapa mnaona faida ya kuwa tumeuvunja ule mzigo. Mama hapingi kwamba kodi iliingia. Anapinga 12,000 za ushuru wa 2024 na vilivyozaliwa nazo. Analipa asichokipinga, au anaomba awamu, na anaandika kwa shilingi kile anachotaka kiondolewe. Asiyejua mchanganuo hulazimika kupinga vyote, na anayepinga vyote bila kulipa chochote huku akijua anadaiwa sehemu yake hujikuta pingamizi lake limetajwa kuwa si halali.

Nyaraka ni zake yeye kuleta. Kifungu cha 56 kinaweka mzigo wa kuthibitisha kwa mlipaji ushuru, na kuuliza hakuhamishi mzigo huo. Kwa kosa la kiwango cha asilimia hakuna cha kuthibitisha zaidi ya sheria yenyewe. Kwa chumba kilichokaa kitupu, ni mikataba na taarifa za benki au za M-Pesa.

Kamishna ana siku 60 za kuamua pingamizi, na akizipitisha bila uamuzi, pingamizi linahesabiwa limekubaliwa. Akikataa, unazo siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Kufungua rufaa huko kuna ada ya shilingi 20,000 isiyorudishwa. Mzozo wetu ni wa 13,620. Fanyeni hesabu wenyewe. Kesi kubwa zina njia yake. Keroche mwaka 2007 ilifika Mahakama Kuu ikipinga dai la zaidi ya shilingi bilioni moja, na Jaji Nyamu akalitupilia mbali, likiwa limesimama juu ya kubadilisha uainishaji wa ushuru na kuurudisha nyuma. Mwenye vyumba Majengo hana kesi ya namna hiyo. Mahakama yake, kwa vitendo, ni ile barua ya wiki ya kwanza na lile pingamizi la kabla ya siku ya thelathini.

Majibu huja kwa sura mbili tatu. Yupo ofisa atakayekuletea jedwali kamili, na wapo wengi zaidi wa namna hiyo kuliko tunavyosimuliana barazani. Yupo atakayekuandikia jumla ileile na kifungu cha 31 kilekile. Huyo usigombane naye. Ambatisha barua yake kwenye pingamizi, kwa sababu ni ushahidi kwamba uliomba mchanganuo na hukupewa. Na yupo atakayekupigia simu kukuambia yamekwisha, kosa limeonekana, usijali. Huyu wa tatu ndiye ninayemwogopa, kwa sababu ni mkarimu na yuko sahihi, na bado deni liko palepale. Mwombe makadirio mapya kwa maandishi, kisha ufungue akaunti yako kwenye iTax uone kama zile 13,620 zimeondolewa kwenye daftari lako. Zisipoondolewa zitakaa kimya zikila riba, na utazikuta siku utakapohitaji cheti cha uzingatiaji wa ushuru kwa ajili ya zabuni au kazi, na yule ofisa aliyekupigia simu atakuwa amehamishiwa Eldoret.